Barua ya mgonjwa wa dialisisi ya kumwomba mwajiri abadilishe ratiba ya kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga mtu aliyeajiriwa Nairobi, anayesafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa wiki, na ambaye angependa kuendelea na kazi yake. Wanaotumia dialisisi ya tumbo wana swali lao karibu na mwisho.

## Mambo ya msingi

Barua hii inaomba nini hasa?

Inaomba saa za kazi zipangwe upya ili zisigongane na saa za mashine. Haiombi msaada wa fedha, wala haiombi likizo, wala huruma. Watu wengi huanza kwa kueleza namna figo zilivyogunduliwa kuwa zimeshindwa kazi, wakafuatisha gharama za matibabu na shida za nyumbani, kisha katika mstari wa mwisho wakaandika kwamba wangeomba "kufikiriwa". Meneja anayesoma barua ya namna hiyo huguswa, lakini hajui atie sahihi nini. Barua nzuri humpa ratiba iliyokwisha kupangwa, aikubali, aikatae au apendekeze mabadiliko.

Kwa nini nisitumie tu ruhusa ya ugonjwa kila siku ya dialisisi?

Kwa sababu itaisha upesi. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi awe na cheti cha daktari. Mtu anayekosa kazi siku mbili kila wiki huzimaliza siku hizo 14 kwa wiki 7. Hata akiongeza zile siku 21 za likizo ya mwaka zinazotajwa katika kifungu cha 28, atafika wiki ya 18 hana siku hata moja iliyobaki, na mwaka bado mrefu. Mikataba mingine na makubaliano ya vyama vya wafanyakazi hutoa siku nyingi zaidi, kwa hiyo soma wako kwanza, lakini ni nadra kukuta siku zinazotosha vipindi 104 kwa mwaka.

Siku za ugonjwa zina kazi yake, nayo ni ile isiyopangika: homa na kutetemeka kwa sababu ya mpira ulioingiwa na maambukizi, fistula, yaani mshipa wa mkononi ulioandaliwa kwa sindano za mashine, iliyoziba, au kulazwa wodini. Dialisisi ya kawaida inajulikana siku na saa yake miezi kadhaa mbele, na jambo linalojulikana mapema huingizwa katika ratiba. Ningependa kila mgonjwa anayeanza matibabu aelezwe hili kabla hajatumia siku yake ya kwanza ya ruhusa.

Je, mwajiri analazimika kisheria kunikubalia?

Analazimika kulishughulikia ombi lako kwa haki, na hawezi kukubagua kwa sababu ya hali yako. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya afya na ya ulemavu, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinautaja ulemavu waziwazi, kuanzia wakati wa kuajiriwa. Wengi hushangaa kusikia ulemavu ukitajwa katika habari ya figo. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 260 kinachotoa maana za maneno, inajumuisha katika ulemavu ugonjwa wenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu wa kutenda shughuli za kila siku. Mtu anayeishi kwa kutegemea mashine kila wiki ana msingi thabiti wa kusema kwamba anaingia katika maana hiyo.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa kazini, isipokuwa pale ambapo mzigo wake ungekuwa mkubwa kupita kiasi. Kubadilisha saa ni mojawapo ya marekebisho ya bei nafuu zaidi, na hapo ndipo nguvu ya ombi lako ilipo. Hata hivyo, haki hii si cheki isiyoandikwa kiasi. Mwajiri hawajibiki kukulipa saa ambazo hukufanya kazi, wala kuiacha idara bila mtu. Ndiyo maana barua inapaswa kujibu swali la kazi itakavyofanyika, kama inavyoonyeshwa chini ya *Mfano kamili*.

## Kabla ya kuandika

Nianze na nani: meneja, au kitengo cha figo?

Anza na kitengo cha figo. Muulize muuguzi msimamizi zamu zilizopo, kwa sababu zamu ya jioni inaweza kumaliza tatizo kabla barua haijaandikwa. Mtu anayetoka kazini saa kumi jioni badala ya saa kumi na moja ili awahi mashine anaomba saa mbili tu kwa wiki ikiwa ana vipindi viwili. Anayekwenda asubuhi huenda akaomba siku nzima. Kama hakuna nafasi, andikisha jina lako katika orodha ya wanaosubiri na ulitaje jambo hilo katika barua, maana linaonyesha kwamba umetafuta njia nyingine.

Zamu ya jioni ina upande wake mgumu. Ikiisha saa tatu au saa nne usiku, utarudi nyumbani umechoka, pengine shinikizo la damu limeshuka, na matatu za mtaa wako zimepungua. Asiye na mtu wa kumpokea afikirie vizuri kabla ya kuichagua.

Mwajiri atauliza kwa nini nisisafishwe Jumamosi na Jumapili. Nimjibu nini?

Mwambie kwamba vipindi lazima viachane. Kati ya kipindi na kipindi mwili hukusanya maji, potasiamu na taka ambazo figo zingeziondoa. Siku mbili zikifuatana, ya pili huwa na kazi ndogo ya kufanya, kisha hufuata pengo la siku sita ambamo potasiamu inaweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo, na maji yakaingia mapafuni. Kwa sababu hiyo anayekwenda mara mbili hupangiwa Jumatatu na Alhamisi, au Jumanne na Ijumaa, au Jumatano na Jumamosi. Anayekwenda mara tatu hupangiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, au Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kwa mfanyakazi wa ofisi, jozi ya Jumatano na Jumamosi mara nyingi ndiyo inayogharimu saa chache zaidi za kazi.

Swali hili huulizwa bila nia mbaya. Liandikie sentensi moja ndani ya barua, nalo halitarudi kila mwezi.

Kipindi ni saa nne. Je, niombe saa nne?

Hapana, na hapa ndipo barua nyingi huharibika. Saa nne ni muda wa damu kupita kwenye mashine. Kabla yake kuna kupimwa uzito na shinikizo la damu, kusubiri mashine isafishwe na kuandaliwa, na kuchomwa sindano au kuunganishwa kwenye mpira. Baada yake sindano hutolewa, sehemu zilizochomwa hukandamizwa mpaka damu ikome, kisha unapimwa tena ukiwa umesimama ili ijulikane kama utaanguka. Hayo yote kwa kawaida huongeza kama saa moja, kisha kuna safari, na katika Nairobi safari ya kutoka Upper Hill hadi Eneo la Viwanda haitabiriki.

Halafu kuna uchovu. Wapo wanaoweza kuketi mezani saa moja baada ya kushuka kwenye mashine, na wapo ambao siku hiyo imekwisha. Andika kwa siku chache saa uliyofika kituoni, saa uliyotoka, na saa uliyojisikia unaweza kusoma ukurasa ukauelewa. Saa hizo ndizo utakazoziandika katika barua. Ukiomba pungufu ili upendeze, utachelewa kila wiki, na mtu aliyekubaliwa ombi lake kisha akachelewa huonekana mbaya kuliko aliyeomba saa za kweli tangu mwanzo.

Barua ya daktari iseme nini, na isiseme nini?

Iseme kwamba uko kwenye dialisisi ya kudumu, siku na saa za vipindi, kwamba vipindi haviwezi kuahirishwa bila hatari, kwamba unafaa kufanya kazi katika saa nyingine, na vizuizi vyovyote kazini. Kizuizi cha kawaida ni mkono wenye fistula, ambao haupaswi kubeba mizigo mizito wala kubanwa. Kingine ni kutopanda ngazi ndefu, kutoendesha gari wala mashine mara baada ya kipindi. Iwe na tarehe ya kuangaliwa upya.

Maneno "anafaa kufanya kazi" ni ya lazima, na madaktari wengi huyasahau kwa kuwa wamezoea kuandika vyeti vya kupumzika. Barua isiyoyataja humfanya mwajiri afikirie kukuachisha kazi kwa sababu za afya.

Haina haja ya kutaja kilichoziharibu figo, matokeo ya maabara, wala magonjwa mengine uliyo nayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, kwa hiyo una haki ya kuuliza barua itahifadhiwa wapi na nani atakayeisoma.

## Barua yenyewe

Barua iandikiwe nani, na kwa lugha gani?

Mwandikie mkuu wa idara ya wafanyakazi, nakala kwa msimamizi wako wa karibu. Pale pasipo na idara hiyo, mwandikie mwenye kampuni. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na barua ya Kiswahili ni halali kabisa. Lakini ofisi ikiwa huandikiana Kiingereza, andika kwa Kiingereza ili isicheleweshwe kwa kutafutiwa msomaji. Mpangilio wa hoja haubadiliki. Jambo la muhimu ni kwamba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa au itiwe sahihi na tarehe. Barua pepe pia inatosha, mradi uihifadhi pamoja na jibu lake.

Naomba mfano kamili.

Tumchukue karani wa hesabu katika ghala moja la Enterprise Road. Hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, akiwa na saa moja ya chakula cha mchana, na Jumamosi saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Hizo ni saa 40 na saa 5, jumla saa 45 kwa wiki. Mshahara wake ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Amepewa mashine Jumatano na Jumamosi, zamu ya asubuhi: hufika kituoni saa kumi na mbili, huunganishwa saa kumi na mbili na nusu, humaliza saa nne na nusu na kutoka saa tano. Hufika nyumbani kwake Umoja saa sita, hulala, na kufikia saa nane mchana kichwa kimetulia.

Saa zinazoguswa ni 8 za Jumatano na 5 za Jumamosi, jumla 13. Akifika saa moja asubuhi siku nne zilizobaki, anarudisha saa 4. Akifanya kazi ya kompyuta nyumbani Jumatano kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, anarudisha 3 nyingine. Zinabaki saa 6 ambazo hazina mahali pa kwenda. Anaweza kujaribu kuzibana katika siku hizo nne, lakini angekuwa kazini karibu saa kumi na mbili kila siku, na ratiba ya namna hiyo haidumu hata kwa mtu mwenye figo mbili nzima. Ni heshima zaidi kuzitaja waziwazi na kusema zishughulikiwe vipi. Barua yake ikawa hivi:

> Kwa Mkuu wa Idara ya Wafanyakazi
> Nakala: Mhasibu Mkuu
>
> Bibi,
>
> KUH: OMBI LA KUBADILISHIWA RATIBA YA KAZI KWA SABABU ZA MATIBABU
>
> Mimi ni karani wa hesabu katika idara ya mauzo. Ninatibiwa kwa dialisisi kila Jumatano na Jumamosi asubuhi, matibabu ambayo ni ya kudumu na hayawezi kuahirishwa. Vipindi lazima viachane kwa siku kadhaa, kwa hiyo haviwezi kuhamishiwa vyote mwishoni mwa wiki. Zamu ya jioni imejaa kwa sasa, na jina langu limo katika orodha ya wanaoisubiri. Barua ya daktari wangu imeambatishwa, nayo inathibitisha kwamba ninafaa kufanya kazi katika saa ninazopendekeza.
>
> Ninaomba kufanya kazi Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Jumatano kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni nikiwa nyumbani, ambapo nitalinganisha ankara na taarifa za benki. Hizo ni saa 39 kwa wiki badala ya 45.
>
> Kuhusu saa 6 zilizosalia, ninapendekeza mojawapo ya njia mbili: mshahara wangu upunguzwe kwa kiasi cha saa hizo, au nibaki na mshahara wangu na badala yake nichukue kazi ya kufunga hesabu za mwezi, ambayo sasa hulipiwa saa za ziada.
>
> Hundi na stakabadhi za Jumatano asubuhi nitaziandaa Jumanne kabla ya kuondoka. Mwenzangu wa meza ya pili amekubali kupokea wateja Jumamosi, nami nitampokelea Jumatatu asubuhi. Nikilazwa au mashine ikiharibika, nitamjulisha Mhasibu Mkuu kwa simu kabla ya saa moja asubuhi ya siku hiyo, na siku hizo zihesabiwe kama ruhusa ya ugonjwa.
>
> Ninaomba ratiba hii ianze mwanzo wa mwezi ujao, ijaribiwe kwa miezi mitatu, kisha tuketi tuitathmini. Ninaomba pia taarifa zangu za afya zibaki katika faili ya siri. Nitashukuru kupata jibu la maandishi, na niko tayari kufika ofisini kwako kwa mazungumzo.
>
> Wako mwaminifu,
> (sahihi, jina, nambari ya kazi, tarehe)

Barua hiyo inaingia katika ukurasa mmoja. Aya ya hundi na stakabadhi ndiyo ningeisisitiza kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayosomwa na msimamizi wa karibu, naye ndiye ataulizwa kama jambo hili linawezekana.

Saa 6 hizo zina thamani ya shilingi ngapi?

Kwa mfano huu, 6 gawanya kwa 45, mara 60,000, ni shilingi 8,000 kwa mwezi kabla ya makato. Fanya hesabu hiyo kabla ya kupendekeza kupunguziwa mshahara, na uketi na watu wa nyumbani kwako. Makato ya bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, kwa hiyo nayo yatashuka kidogo, lakini haki yako ya huduma haipungui kwa kuwa mchango umekuwa mdogo. Kinachoiathiri ni michango kukoma, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya kulinda kazi kuliko kulinda shilingi ya mwisho ya mshahara.

Usipendekeze kupunguziwa mshahara ikiwa saa zote zinarudishika. Watu wenye hofu hujitolea kukatwa kabla hawajaombwa.

Je, nifiche jina la ugonjwa nikaandika "matibabu" tu?

Unaweza, na barua ya daktari ikafanya vivyo hivyo. Ugumu ni kwamba "matibabu" yasiyo na jina, yanayojirudia kila wiki bila mwisho, huzaa maswali mengi kuliko neno dialisisi. Maoni yangu ni kwamba mkuu wa idara ya wafanyakazi aelezwe wazi, na wenzako waelezwe kiasi unachotaka wewe. Bandeji mkononi na kutoonekana Jumatano vitawafanya wakisie tu.

## Baada ya kuikabidhi

Wamekubali kwa mdomo. Inatosha?

Haitoshi. Sheria ya Ajira, kifungu cha 10, inataka mabadiliko ya masharti yaliyoandikwa katika mkataba yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi na yaarifiwe kwa maandishi. Meneja aliyekubali anaweza kuhamishwa, na anayemfuata atakuta mtu ambaye hayupo kila Jumatano bila karatasi yoyote. Mwandikie siku hiyohiyo: "Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo, ambapo tulikubaliana kwamba…", kisha utaje siku, saa, mshahara na tarehe ya tathmini. Asipopinga, una kumbukumbu. Akitia sahihi, una makubaliano.

Wamekataa. Nifanye nini?

Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi kinachokataliwa ni sehemu moja tu ya ratiba, na ukijua ni ipi unaweza kuleta pendekezo la pili. Karani wetu angekataliwa kazi ya nyumbani kwa sababu ya usalama wa data, angeweza kuomba saa hizo 3 zihesabiwe pamoja na zile 6, au ahamishiwe meza isiyohitaji mtu Jumatano.

Wakishikilia bila sababu, nenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ikiwa mnacho, au upeleke malalamiko kwa afisa wa leba. Kuhusu ubaguzi, Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu na Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa hupokea malalamiko. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndiyo hatua ya mwisho, na madai yanayotokana na mkataba wa kazi kwa kawaida lazima yafikishwe huko ndani ya miaka 3. Usiache kwenda kazini wala kwenye mashine ukisubiri majibu.

Nimeitwa kwenye kikao kuhusu "uwezo wangu wa kufanya kazi". Ni nini hicho?

Huenda mwajiri anafikiria kukuachisha kazi kwa sababu ya afya, nalo ni jambo ambalo sheria ina utaratibu wake. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka akueleze sababu hiyo kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua, na asikilize majibu yenu kabla ya kuamua. Kifungu cha 46 kinasema ulemavu peke yake si sababu ya haki ya kumwachisha mtu kazi. Nenda na nakala ya barua yako, barua ya daktari, na kumbukumbu ya kazi uliyoifanya katika saa ulizokuwapo. Nakala ile yenye muhuri sasa ina thamani kubwa, kwa kuwa inaonyesha uliomba njia ya kuendelea kazini na ni lini uliiomba.

## Hali zisizo za kawaida

Mimi ni kibarua, silipwi kwa mwezi. Naweza kuandika?

Ndiyo. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja huhesabiwa, chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira, kuwa wa mkataba wa kulipwa kila mwezi, na haki nyingine hufuata. Kwako barua iwe fupi: siku unazoweza kuja, siku usizoweza, na kazi usizopaswa kufanya kwa mkono wenye fistula. Mwenye kupakia mizigo aombe kuhamishiwa kuhesabu au kukagua, kwa kuwa saa peke yake hazitamlinda.

Nafanya kazi za usiku, kama ulinzi. Niombe nini?

Omba usipangiwe zamu ya usiku unaotangulia kipindi wala unaofuata baada yake. Kutoka lindoni alfajiri na kwenda moja kwa moja kwenye mashine huwezekana mara chache, lakini kuifanya desturi ni kuukosesha mwili usingizi siku ambayo shinikizo la damu hushuka kwa urahisi. Barua ya daktari itaje jambo hilo kwa maneno yake.

Daktari ameongeza kipindi cha tatu. Niandike barua nyingine?

Andika ya ukurasa nusu inayorejelea ya kwanza, pamoja na barua mpya ya daktari, na ufanye upya hesabu ya saa. Mamlaka ya Afya ya Jamii hugharamia hadi vipindi vitatu kwa wiki, kwa hiyo wengi waliokuwa wakienda mara mbili sasa huongezewa. Usikatae kipindi cha tatu kwa kumwonea haya mwajiri aliyekwisha kukubali viwili. Wengi husema kwamba wakiongezewa, siku ile nzito ya mwisho wa pengo refu, ambayo kwa mtu wa Jumatano na Jumamosi huwa Jumanne, hupungua uzito, na kazi ya siku hiyo huwa bora.

Natumia dialisisi ya tumbo. Barua yangu itofautiane vipi?

Wewe unaomba mahali zaidi ya saa. Anayebadilisha maji mwenyewe mara nne kwa siku huhitaji chumba safi chenye mlango unaofungwa, sinki ya kunawia mikono, mahali pa kutundika mfuko, na kama nusu saa mara moja katika siku ya kazi. Stoo yenye vumbi au choo havifai, kwa kuwa uchafu ukiingia huleta maambukizi ya tumbo. Anayetumia mashine usiku nyumbani huenda asihitaji chochote isipokuwa kutopangiwa zamu za usiku na safari za kulala nje.

Nikipandikizwa figo, ratiba hii inaisha?

Inaisha, lakini si siku ileile. Baada ya upasuaji kuna majuma kadhaa ya kupona, kisha kliniki za mara kwa mara ambazo hupungua kadiri miezi inavyosonga. Andika barua mpya kabla ya upasuaji: sehemu ya kwanza iombe likizo kwa muda atakaotaja daktari, ya pili iombe saa za kliniki, na ya tatu iseme kwamba utarudi kwenye saa za mkataba wako wa awali baada ya daktari kukuruhusu. Ikiwa mshahara ulikuwa umepunguzwa, taja kiasi utakachorudishiwa na tarehe, kwa sababu bila maandishi hayo saa zitarudi na mshahara ukabaki chini.